Niliandika chanjo haina madhara, mama akaja kunisuta

SWALI: Dada nesi shikamoo. Mimi naandika kapsheni za posti za afya ya mtoto. Juzi niliweka "Chanjo ni salama kabisa, haina madhara yoyote, mzazi mwenye upendo humchanja mwanae." Mama mmoja akakomenti kwamba wake wa wiki 6 alichemka usiku kucha baada ya sindano, kwa hiyo mimi ni muongo. Nifute? Niandikeje bila kutisha wala kuhubiri?

JIBU: Marahaba. Usifute, huyo mama kasema kweli na wewe ndo umeteleza.

Kapsheni za hivi nazisoma kila wiki na kosa ni lile lile, mtu anaamini akitaja homa wazazi watakimbia. Nani kawaambia haya maneno sijui. Homa inakuja umeitaja hujaitaja, na ikimkuta mama hajaambiwa basi saa nane ya usiku ameshika mtoto wa moto mkononi anaanza kuwaza kuna kitu kafichwa, na hapo anayemsubiri ni yule muuza matone ya "kutoa sumu ya chanjo". Jamani hakuna sumu ya kutoa! Ile homa ni mwili wa mtoto unaitikia chanjo, unajenga kinga, na ukimpa kichanga wa wiki 6 matone usiyojua yametengenezwa na nini ndo unamletea shida ya kweli. Wateja wa hao watu tunawatengeneza sisi wenyewe na "haina madhara yoyote" zetu.

Sasa tuishike hiyo ya wiki 6. Ile sindano ya pajani, sehemu nyingi ni moja inayokinga magonjwa 5: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na bakteria wa Hib. Homa yake kwa kawaida inaanza siku hiyo hiyo au kesho yake, inakaa siku 1 au 2. Ningeandika hivi:

"Mtoto amechanjwa leo? Usiku anaweza kuchemka, kulialia, na paja likavimba kidogo pale sindano ilipopita. Mara nyingi inaisha ndani ya siku 2. Mnyonyeshe mara kwa mara, mvalishe nguo nyepesi. Dawa ya homa mpe kwa kipimo ulichoelekezwa kliniki kulingana na uzito wake. Akikataa kunyonya, akilia mfululizo zaidi ya saa 3, akipata degedege, akipumua kwa shida, au homa ikipita siku 2, mpeleke hospitali muda huo huo."

Umeona hakuna "upendo" hapo. Hilo neno ndo mahubiri yenyewe, maana mama aliyechelewa kliniki wiki 3 kwa sababu alikuwa anaumwa anasoma kwamba hampendi mwanae, anapita zake na hatarudi. Mwambie ataona nini, afanye nini, aondoke nyumbani saa ngapi, basi. Na usiongeze "kama hajachemka chanjo haijafanya kazi", nimeikuta mahali hiyo, si kweli, wapo wengi hawachemki kabisa na kinga wanapata vizuri tu.

Halafu usiikopi hiyo kapsheni ukaibandika kwenye posti ya surua, kila chanjo ina saa yake. Ya surua ina kirusi hai kilichodhoofishwa, kinachukua muda kuzaliana mwilini, kwa hiyo homa na vipele vidogo vinaweza kuja siku ya 5 hadi ya 12. Yaani mama ameshasahau hata sindano, anaona vipele anasema mtoto kapata surua waliyomchanjia. Kapsheni ya surua bila hizo siku ndani yake mi naona haijakamilika.

Na hii tabia ya "kabisa" na "asilimia mia" haiishii kwenye homa. Dozi ya kwanza ya surua ikitolewa miezi 9, kati ya watoto 100 wanaopata kinga ni kama 85, na ile ya pili ipo hasa kwa ajili ya hao 15 waliobaki. Sasa wewe ukishaandika dozi moja inakinga asilimia mia, huyo mzazi airudie kliniki kufanya nini? Mtoto akiugua baadaye utamjibu nini, na posti yako bado ipo pale inasomeka?

Huyo mama mjibu pale pale kwenye komenti wengine waone, mwambie ni kweli ulikosea, muulize homa ilikaa siku ngapi na mtoto ananyonya vipi sasa hivi. Akisema bado anachemka mpaka leo, hapo achana na kapsheni, mwambie ampeleke.