Ruzuku ya mbolea kwenye daftari la shamba

"Nimenunua urea ya ruzuku kwa wakala. Niandike pesa niliyotoa tu, au na ile ya serikali?"

Andika zote mbili, ndugu yangu, kila moja mahali pake. Vocha au namba ya ruzuku uliyopewa bado si pesa, kwa hiyo usiiingize hesabuni mpaka siku unapochukua mbolea.

Tuseme ulichukua mifuko 2, bei kamili ni 120,000 kila mmoja, wewe ukalipa 70,000. Mbolea iandike 240,000, taslimu iliyotoka 140,000, na ruzuku 100,000. Ukiandika 140,000 pekee, mahindi yataonekana ya gharama nafuu, na ruzuku ikikoma utashindwa kujua kama ekari yako inajilipa.

Wengi hukosea kwenye mfuko uliobaki. Ukitumia mmoja msimu huu, gharama ni 120,000 na mapato ya ruzuku ni 50,000. Mfuko wa pili unabaki mali ya ghala, na ruzuku yake ya 50,000 inasubiri msimu utakapoutumia. Tafadhali, risiti ya wakala ionyeshe bei kamili. Ikikosa, mwombe aiandike palepale.