Rekoda kwanza? Mwalimu, rudisha hizo hela mfukoni

"Nafundisha darasa la tatu, watoto 54, na mkuu wa shule amekubali tununue rekoda, zile filimbi za kufundishia muziki. Nasikia kuna njia ya mwendo (Dalcroze), ya solfa (Kodály) na ya kuanza na ala moja kwa moja. Nianze na ipi, vipindi vingapi kwa wiki, na nitawapimaje mwisho wa muhula?"

Usinunue. Muhula huu usinunue kabisa. Mimi nilinunua, na rekoda zenyewe sasa zimelala kabatini nyuma ya maboksi ya chaki, panya ndio wanamuziki wetu.

Aliyeniponza ni mwezeshaji mmoja wa semina, tai hadi kitovuni, aliyetuapia kwamba mtoto akishika ala tu, hamasa inakuja yenyewe. Hamasa ilikuja kweli, ikaja na mayowe. Baadaye ndipo tukajua kumbe yeye mwenyewe ndiye muuzaji. Siku nikikutana naye nitampulizia sikioni mpaka arudishe chenji.

Sikiliza ilivyokuwa. Rekoda huanza na noti tatu za mkono wa kushoto. Kidole gumba nyuma na cha shahada mbele ni B, ongeza cha kati unapata A, ongeza cha pete unapata G. Nikabandika chati ukutani, watoto wakaishika upesi, nami nikatembea kifua mbele. Kisha nikawaambia waweke ala chini, waimbe kile walichotoka kupuliza. Kimya. Waliojaribu waliimba sauti moja mwanzo mpaka mwisho. Kumbe walichojifunza ni vidole, muziki haukuwemo.

Mtoto asiye na sauti ile kichwani hawezi kujua kwamba amekosea. Tundu likivuja kidogo, rekoda inapiga kelele. Yeye anadhani dawa ni kupuliza kwa nguvu, na kwenye rekoda nguvu ya pumzi hupandisha sauti. Zidisha kwa darasa zima: kila mtu ana G yake. Huwezi kumrekebisha mmoja mmoja, kwa sababu katika zile kelele hata wewe husikii nani ni nani.

Kanuni yangu sasa ni moja: kisichoimbika hakipulizwi.

Hizo B, A, G ni mi, re, do endapo G ndiyo do. Basi tafuta kipande cha wimbo wa mchezo wanaoujua chenye sauti hizo tatu tu. Waimbe kwa maneno, halafu kwa solfa na ishara za mkono. Kisha toa ishara bila sauti, wao waimbe kimoyomoyo, na kwenye noti ya mwisho watoe sauti wote. Wakitua pamoja kwenye do, wanaisikia. Wakitawanyika, rudi nyuma, usiwadanganye wala usijidanganye. Wakishaweza, waegemeze rekoda kidevuni, waimbe huku vidole vikibadilika. Kupuliza ni mwisho kabisa, tena safu moja moja, wengine wakiimba.

Solfa unayo tayari kama umewahi kuimba kwaya ya kanisani, kwa hiyo haikugharimu kitu. Ila jihadhari: watoto wanaweza kukariri d, r, m kama mashairi, sauti ikiwa palepale. Hapo ni chati yangu ya vidole imerudi kwa mlango wa nyuma. Na wanaofuata Kodály kwa kawaida huanza na so na mi, kisha la, si mi-re-do. Ukitaka mpangilio huo kwenye rekoda, fanya F ndiyo do: tumia C ya juu kwa so, A kwa mi na D ya juu kwa la. Zote ni za mkono wa kushoto. Kwenye D wanaachia gumba, kwa hiyo watarajie waidondoshe ala, maana mkono wa kulia ndio unaoishikilia chini.

Dalcroze naye alikuwa akifundisha hamonia Geneva, akaona wanafunzi wanaopanga kodi, yaani noti zinazolia pamoja, vizuri kwenye karatasi bila kuzisikia. Ugonjwa uleule wa darasa langu! Kwako chukua kitu kimoja tu: wapeleke uwanjani, piga ngoma watembee na mapigo, halafu nyamaza ghafla wao waendelee. Wakianza kukimbia, watakimbia hivyohivyo kwenye rekoda. Kinanda hakihitajiki.

Na siku ukishindwa kujizuia ukaenda dukani, geuza kila rekoda uikague. Mimi nilipewa mchanganyiko. Hesabu matundu ya mbele kuanzia juu: la tano likiwa dogo kuliko la nne, huo ni mtindo wa Kijerumani, la nne likiwa dogo kuliko la tano, ni wa Kibaroki. Nyingi zina herufi nyuma, G kwa Kijerumani au B kwa Kibaroki. F ya Kijerumani ni rahisi, lakini F kali yake, noti inayofuata juu ya F, inasumbua. Ukipulizia vidole vya F ya Kijerumani kwenye ya Kibaroki, sauti inapanda. Chukua za Kibaroki zote, na muuzaji akikwambia "zote ni sawa tu mwalimu", mwombe akupigie F kwa vidole vilevile kwenye zote mbili.