Waacheni wabishane kuhusu televisheni, ila wabishane vizuri

Mara nyingi nimesikia wazazi wenzangu wakisema kwamba ugomvi wa rimoti ukianza, dawa yake ni kuzima televisheni na kila mtu aende kulala. Siiafiki dawa hiyo. Ukiizima, kila aliyekuwa anabishana anaondoka na hoja yake moyoni, na kesho yake jioni ugomvi ni uleule. Ninachoshauri mimi ni kuwaacha watu wabishane mpaka waseme wanachokitaka hasa, kwa sababu mara nyingi sicho walichokitaja mwanzoni. Hili nililiona nyumbani kwangu Jumamosi moja mwanzoni mwa Novemba, nami nalisimulia kwa urefu kidogo kwa kuwa faida yake imo kwenye mambo madogo.

Nyumba yetu ina televisheni moja na king'amuzi kimoja, sebuleni. Tunaishi na mama mkwe wangu, ambaye watoto ndio wanaomwita Bibi, na hapa nitamwita hivyohivyo. Jumamosi hiyo shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa amekuja kutoka Kilosa kulala kwetu. Watoto ni watatu: kijana wa kidato cha tatu, binti wa darasa la saba, na kitinda mimba ambaye ulimwengu wake wote ni katuni.

Kwa miezi kadhaa Jumamosi zetu zilikuwa hazina shida. Mechi ya jioni ya ligi ya Uingereza ilikuwa ikianza saa 1:30 usiku na kumalizika kama saa 3:25. Tamthilia ya Bibi, ile ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, inaanza saa 3:30. Baba watoto anaangalia mpira wake, tunakula, Bibi anaketi kwenye kiti chake, na hakuna anayemgusa mwenzake. Tulidhani tuna amani kwa sababu tunaelewana. Kumbe ratiba ndiyo iliyokuwa ikitulinda.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza hurudisha saa zao nyuma kwa saa moja. Sisi hatubadilishi. Kwao mechi inaendelea kuanza saa 11:30 jioni kama kawaida, lakini kwetu inahamia kutoka saa 1:30 hadi saa 2:30 usiku, na kumalizika kwake kunasogea hadi kama saa 4:25. Hakuna aliyekuwa amelifikiria jambo hilo. Kwa hiyo Jumamosi ile, saa 3:00 usiku, Bibi alipokuja kuketi akakuta mpira uko dakika ya thelathini, alijua mara moja kwamba tamthilia yake haipo, na wanaume wawili walijua kwamba mama yao amenuna.

Ubishi wa kwanza ulikuwa wa chaneli tu. "Mpira." "Tamthilia." "Katuni." Kijana naye alikuwa na filamu kwenye flashi, akasema filamu ndiyo haki kwa sababu kila wiki yeye ndiye anayesubiri. Baba watoto akasema aliyelipia king'amuzi ni yeye. Shemeji akaichukua rimoti akaiweka chini ya paja lake, akicheka, lakini hakuna aliyecheka naye. Ubishi wa namna hii hauna mwisho mwema, maana hauna kitu cha kupimwa. Chaneli mbili haziwezi kuonekana kwa pamoja, basi anayeshinda ni mwenye rimoti au mwenye sauti kubwa.

Kelele hazikunitisha. Kilichonitisha ni Bibi aliposema, "Wekeni tu mnachotaka," akanyanyuka. Nawaomba mlishike hilo. Ndani ya nyumba, mtu anayesema "wekeni tu" kwa sauti ya chini ndiye aliyeumia kuliko wote, na akitoka sebuleni, wengine humfuata mmoja mmoja. Kijana alikuwa ameshatoa simu yake na kuchomeka visikilizio. Ilibaki hatua moja tu, kila mtu awe na chumba chake na kioo chake, na mgeni tuliyemngoja wiki nzima abaki na kaka yake wakiangalia mpira bila hamu.

Binti ndiye aliyeokoa jioni, na aliiokoa kwa kuendeleza ubishi. Alimshika Bibi mkono akamwambia, "Bibi, lakini hujasema kwa nini. Baba kasema kwa nini, kaka kasema kwa nini. Wewe bado."

Bibi akaketi tena. Akasema siku za kazi anaiangalia tamthilia hiyo peke yake, kila mmoja wetu akiwa na shughuli zake. Jumamosi ndiyo siku ambayo akiuliza "huyu naye ni nani tena?" kuna mtu wa kumjibu. Na akasema maandishi ya chini ya filamu za kijana hawezi kuyakimbilia, macho hayamruhusu. Hii ya Kiswahili anaielewa kama watu wanaongea mlangoni.

Baba watoto alinyamaza kidogo, halafu naye akasema lake. Hakuwa na shida na mechi yenyewe. Yeye na mdogo wake walikua wakisikiliza mpira pamoja kwenye redio ya marehemu baba yao, na sasa wanaonana kwa nadra. Shemeji akaongeza kwamba kwake kipindi cha kwanza na dakika za mwisho zinatosha, katikati yake huwa anasinzia.

Hapo ubishi ukageuka. Bibi, aliyekulia Unguja, akaanza kuwasimanga wanawe kwamba wao wa bara wamejifunza televisheni juzi. Shemeji akakataa. Bibi akamwambia Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, na yeye aliiona kwa macho yake kwenye dirisha la jirani, wakati bara walingoja hadi 1994. Baba watoto akamuunga mkono mama yake, shemeji akatafuta kwenye simu, akakubali kwa shingo upande. Kijana akavua visikilizio ili asikie. Ninasimulia hili kwa sababu ni dalili ya kuaminika: watu wanapoanza kubishana juu ya kitu ambacho hakuna anayeweza kunyang'anywa, hasira imeshapungua, na ndio wakati wa kupanga.

Tukapanga hivi. Nilimwambia binti achukue daftari, nikauliza maswali mawili tu kwa kila kipindi: kinaanza na kumalizika saa ngapi kwa kweli, na kitapatikana tena lini. Mechi ilikuwa mubashara, matokeo yake yangejulikana kila mahali kabla ya asubuhi, kwa hiyo haingojeki. Tamthilia ilikuwa na marudio Jumapili saa 4:00 asubuhi, lakini saa hiyo Bibi angekuwa peke yake tena, na upweke ndio aliokuwa akiulalamikia. Filamu na katuni zilikuwa kwenye flashi, hazikimbii. Binti akaandika: kipindi cha kwanza cha mechi kinaisha kama saa 3:17. Mapumziko ni dakika kumi na tano. Cha pili kinaanza saa 3:32. Tamthilia ni kuanzia 3:30 hadi 4:10.

Ukiiangalia ratiba hiyo unaona kitu ambacho hakionekani wakati watu wanapayuka. Tamthilia ikiisha saa 4:10, mechi iko kama dakika ya themanini na tatu. Bado kuna dakika saba pamoja na za nyongeza. Kwa maneno mengine, wanaume walikuwa wanaweza kuona kipindi cha kwanza chote na mwisho wote, wakakosa katikati, ile ile ambayo shemeji alisema huisinzia. Na tamthilia ina matangazo, basi kwenye matangazo tukakubaliana kuhamia mpira na kurudi. Kazi ya kurudi kwa wakati alipewa binti, siyo shemeji. Hilo lilikuwa sharti la Bibi, na lilikuwa sharti la busara.

Bibi akaongeza sharti jingine: asiondoke mtu. Kama anaachiwa kiti huku wengine wako nje wanafuatilia mpira kwenye simu, basi afadhali wabaki na mpira wao. Wakakubali. Simu ya shemeji iliwekwa mezani ikionyesha matokeo tu, bila sauti, na goli lilipofungwa wakati wa tamthilia alipiga paja lake kimyakimya. Lakini kufikia saa 4:00 ni yeye aliyekuwa akiuliza yule mwanamke wa gauni jekundu ni mke wa kwanza au wa pili, na Bibi akimweleza ukoo mzima kuanzia babu.

Kitinda mimba alipata katuni dakika zile za mapumziko, akalala kabla hazijaisha. Kijana hakuridhika. Aliahidiwa Jumapili baada ya chakula cha mchana, akakubali akiwa na uso wa mtu aliyeahidiwa mara nyingi. Niliona ana haki, na kesho yake nilihakikisha televisheni ni yake tangu saa 8:00 hadi filamu iishe, hata jirani alipokuja kuomba kuangalia marudio ya mechi. Ahadi ya namna hiyo ikivunjwa mara moja, wiki inayofuata mtoto hatabishana tena, atakwenda chumbani na simu yake.

Njia hii ina mipaka yake. Haifai watu wakiwa na njaa. Sisi tulikuwa tumeshakula, na sidhani ingewezekana kabla ya wali kuiva. Haifai pia kama kuna mmoja ambaye neno lake halijadiliwi. Baba watoto aliacha hoja ya "nimelipia mimi" baada ya kusikia ya mama yake, na asingeiacha, daftari la binti lisingesaidia kitu. Na vipindi viwili vikiwa vyote mubashara na vyote havirudiwi, hakuna hesabu itakayovipatanisha. Hapo mmoja atakosa, na aambiwe mapema kabla hajaketi.

Kwa walio na mashabiki wa ligi hiyo nyumbani: Jumapili ya mwisho ya Machi wenzetu watasogeza saa zao mbele, na mechi ya saa 2:30 usiku itarudi saa 1:30. Ikague ratiba yenu Jumamosi ile ya kwanza baada ya hapo, mchana, kabla mtu yeyote hajashika rimoti. Yetu imebandikwa ubavuni mwa friji kwa mwandiko wa binti, na Bibi ameshaandika jina la tamthilia yake mpya kwa kalamu nyekundu.