Araruti, konfulawa au china grasi?

"Pudini yangu ya maziwa nimeitia araruti, imevutika kama mlenda. Nilikosea wapi? Na sosi ya ukwaju niitie nini?"

– Hukukosea kipimo, dada, ni maziwa. Araruti ikikutana nayo hufanya ute. Pudini itie konfulawa: nusu lita ya maziwa kwa vijiko 4 vya chakula, uikoroge kwanza na maziwa baridi kidogo. Ikianza kutokota usiitoe haraka, iendelee dakika moja au mbili huku unakoroga, la sivyo utaonja unga mbichi.

Araruti iwekee huo ukwaju. Konfulawa huufanya mzito lakini wenye ukungu, na ukali wake ukichemka sana huilegeza. Kikombe kimoja cha sosi, kijiko kimoja cha chakula cha araruti iliyokorogwa na maji baridi, mimina mwishoni. Ikishang'aa, epua hapo hapo. Ukiichemsha tena inarudi maji.

– Araruti si nduma? Mimi huzichemsha na chai.

– Hapana, ndugu, jina tu Wakenya wanachanganya. Huu ni unga mweupe wa mzizi mwingine.

– Mimi nami natumia china grasi kila kitu, hata pudini. Ikiwekwa mezani joto la Mombasa haiyeyuki.

– Hilo kweli, lakini kwa kukata vipande, si kwa sosi. Na uichemshe kwenye maji mpaka nyuzi zote ziishe ndipo utie maziwa, zikibaki utazitafuna.