Usifute marudio ya mzee kabla ya kuyapa dakika

"Nimemrekodi babu yangu hapa Moshi kwa saa mbili akieleza habari za kihamba, shamba letu la ukoo. Anaacha mada na kuirudia mara nyingi. Nimeanza kukata na kubandika kwa mada huku nikifuta anayoyarudia. Je, niendelee, au nifuate mtiririko wake?"

Acha kufuta leo hii. Kupanga kwa mada ni sahihi, kwa sababu hakuna mwanaukoo atakayesoma kurasa thelathini ili aone mpaka uko wapi. Lakini hicho unachokiita marudio ndicho kilichoniaibisha mbele ya ukoo mzima.

Nilikuwa katibu wa kikao cha ukoo wetu, na baba mkubwa alizungumza kwa karibu saa moja na nusu. Katika dakika ya 14, akieleza alivyowagawia wanawe vihamba na kutaja mfongo, yaani mfereji wa maji, alisema: "Kile cha juu ya mfongo nilimpa wa tatu." Akaingia kwenye kahawa, akaenda kwenye masika yaliyobomoa kingo, kisha dakika ya 52 akaeleza kwamba mfongo ulihamishwa, na kwamba ule wa zamani ulipita pale penye masale, mimea ya kuwekea mipaka. Dakika ya 81 akarudi: "Kile cha juu ya mfongo nilimpa wa tatu, kama nilivyosema, lakini akaniambia ana chake Boma Ng'ombe, basi kikabaki kwa mdogo wake."

Mimi, kwa kuwa sentensi hiyo ilianza kwa maneno yaleyale, niliifuta. Maelezo ya dakika ya 52 niliyapeleka chini ya kichwa cha "Maji", mbali kabisa na "Mipaka", hivyo msomaji hakuweza kujua kwamba mfongo uliotajwa mwanzoni ni ule wa zamani. Kwa mkato mmoja nilimrudishia wa tatu ardhi aliyoikataa, na kwa kichwa kimoja nikasogeza mpaka wake.

Niliposoma muhtasari, mdogo wake alisimama. Baba mkubwa akasema, "Hayo siyo niliyosema." Nami, kwa ujasiri ambao hadi leo unanikosesha usingizi, nikamjibu, "Baba, haya ni maneno yako mwenyewe." Yalikuwa yake kweli, ila hayakuwa ya mwisho. Mbuzi aliyechinjwa siku ile ndiye pekee aliyebaki ametulia. Nilikesha usiku wa siku tatu nikisikiliza upya, kwa sababu sikuwa nimeandika dakika hata moja na sikujua kipande gani kilitoka wapi, kisha nikachapisha nakala mpya kwa fedha yangu.

Aliyenifundisha hivyo ni mkufunzi wa kozi ya ukatibu niliyoilipia Arusha, aliyetukaririsha kwamba kila mada iwe na aya moja na yanayojirudia yakatwe. Huenda kanuni hiyo inafaa kwa wenyeviti wanaosoma hotuba iliyochapwa. Sidhani kama mtu huyo aliwahi kukaa na mzee wa miaka themanini anayekumbuka jambo kwa kupitia jambo jingine.

Kwa hiyo, kipande kisihame kabla hakijabeba dakika yake. Andika kwanza yote kwa mfuatano wa kusemwa na uhifadhi nakala hiyo bila kuigusa. Katika nakala ya pili, anza kipande kipya kila mzee anapobadili mada, na mbele yake uweke dakika na neno la mada, kwa mfano "81, mpaka". Kipande kinachogusa mada mbili kipewe maneno mawili na kiwekwe sehemu zote mbili; cha dakika ya 52 kilipaswa kuwa "maji" na pia "mpaka".

Kabla ya kuhamisha, tafuta kila "yule", "pale" na "kile", kisha uandike kwenye mabano ni nani au ni wapi. Kiswahili hakitakusaidia hapa, kwani "alimpa" inaweza kuwa mtu yeyote kumpa yeyote, na sentensi jirani iliyoifafanua itabaki nyuma utakapoihamisha. Usipokuwa na uhakika, muulize babu angali anaweza kukujibu.

Baada ya hapo kusanya kwa mada, lakini ndani ya kila mada fuata dakika, ili kauli ya kwanza na marekebisho yake yasimame pamoja kwa mpangilio alioutoa. Mzee akisema "lakini ngoja", "kama nilivyosema" au "turudi pale", simama na usikilize: akiongeza jina, kiasi, mahali au sababu, hayo si marudio. Rudio tupu lenyewe usilifute, bali andika tu "amerudia, dakika ya 66".

Mwishoni linganisha idadi ya vipande ulivyokuwa navyo kabla ya kuhamisha na ile ya dakika zote zilizomo katika nakala ya mada, ukikihesabu mara moja kile kilichokaa sehemu mbili. Vyangu, nilipovihesabu kwa kuchelewa, vilikuwa 63 kwenye sauti na 58 kwenye karatasi iliyokwisha kusomwa.