Kabla hujaandika "fanya juu" kwenye slaidi, panda mpaka wa juu uone maji yanatoka wapi

*"Wakuu, nina prezentesheni ya sayansi ya udongo wiki ijayo, mada ni kuzuia mmomonyoko. Tulienda fildi Machakos tukakuta shamba la mteremko lina vijifereji vingi na korongo moja linaanzia juu kabisa. Pendekezo langu ni fanya juu na nyasi za nepia. Nisaidieni na maswali ya kuuliza darasa na yale ambayo lekchara anaweza kuniuliza, pia slaidi ngapi zinatosha na kama niweke fomula ya kukadiria udongo unaopotea."*

Mdogo wangu, hapo kwa "korongo linaanzia juu kabisa" ndio ushaandika jibu lako mwenyewe halafu ukalipita. Usipendekeze fanya juu. Bado. Korongo likianzia juu kabisa ya shamba, hayo maji si ya hilo shamba, yanakuja kutoka nje, na tuta la fanya juu, lile la udongo unaochimbwa mtaroni na kutupwa upande wa juu, halikutengenezwa kubeba maji ya nje.

Nakuambia hivi kwa sababu shamba la shangazi yangu upande wa Kangundo liliharibiwa na pendekezo kama hilo hilo lako. Kulikuja jamaa wa mradi fulani, ana kofia na kipeperushi, akasimama katikati ya shamba, hakupanda hata hatua kumi kwenda juu, akaona vijifereji akasema hapa ni fanya juu basi. Akapima mteremko akapata asilimia 16, akapiga hesabu ya nafasi, matuta yakae karibu mita 11 kutoka moja hadi lingine. Na hesabu yake ilikuwa sawa kabisa! Hio ndio inaniuma hadi leo, mtu anapiga hesabu safi juu ya swali lenye si lenyewe. Shangazi akauza mbuzi akalipa vijana wakachimba mitaro, udongo ukatupwa upande wa juu vile inatakiwa, matuta yakasimama kimo cha sentimita 40 hivi. Mvua kubwa ya kwanza tuta la juu likapasuka, likabeba la pili, la pili likabeba la tatu, na mahindi yote ya katikati yakaenda. Mahali palikuwa na vijifereji vya kuruka kwa mguu sasa pakawa na shimo la kuingia ng'ombe.

Sasa nikuonyeshe kwa nini, na hii iweke kwenye slaidi. Chukua shamba upana mita 30, mteremko asilimia 16, tuta sentimita 40. Maji yakijaa nyuma ya tuta yanarudi nyuma mita 2.5 tu kwa sababu ya mteremko, yanakaa kama pembetatu: nusu ya 2.5 mara 0.4 ni mita 0.5 za mraba, mara urefu wa mita 30 unapata kama mita 15 za ujazo. Huo ndio uwezo wote wa tuta, likiwa sawa kila mahali na halijashuka. Mvua ikinyesha milimita 40, kipande cha shamba cha mita 11 kwa 30 kilicho juu ya tuta kinatoa mita 13 za ujazo hata ukichukulia hakuna tone limezama. Inatosha. Fanya juu inafanya kazi yake vizuri kwa maji ya shamba lenyewe.

Halafu uje uweke barabara. Kwa shangazi kuna barabara ya changarawe inapita juu, na mfereji wa pembeni unamwaga kwa kona ya shamba lake. Chukulia mita 300 za barabara, upana mita 5, mvua ile ile ya milimita 40. Ni mita 60 za ujazo, na hata ukisema robo imezama au imepotea njiani bado zinafika 45, mara tatu ya uwezo wa tuta la kwanza kabla hujahesabu mvua ya shamba. Na hazifiki zikiwa zimetandaa, zinafika sehemu moja kwa nguvu. Zikijaa zinapita pale tuta liko chini kidogo, zinaanguka ndani ya mtaro ulio upande wa chini wa tuta, zinakula mguu wa tuta mpaka linaporomoka, na hapo tuta la pili linapokea maji yote ya kwanza kwa mpigo mmoja pamoja na udongo. Kwa hivyo matuta yalikusanya maji yakayaachilia kwa pamoja, ndio maana shamba liliumia kuliko lingeachwa bila tuta lolote.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa darasa lako, na mimi ningeliacha lile moja likae dakika nzima kwa skrini: hiki kijifereji kinaanzia wapi? Vijifereji vya maji ya shamba lenyewe huanza mita kadhaa chini ya mpaka wa juu, vyembamba, na vinapanuka vikishuka kwa sababu vinaokota maji njiani. Mfereji wa maji ya nje unakuta ushakuwa mpana na wa kina pale pale mpakani. Halafu angalia ua wa juu: kuna takataka na mifuko imenaswa, nyasi zimelala upande mmoja, na pale maji yalipotulia kuna mchanga wa rangi ya changarawe ya barabara ambayo haifanani na udongo wa shamba. Ukiona hivyo panda ufuate mpaka ufike chanzo, iwe barabara, kalvati, njia ya ng'ombe au paa za shule.

Swali ambalo lekchara akiwa anajua kazi yake atakuuliza ni hili: ukikinga hayo maji utayapeleka wapi? Wengi wanasema "nitachimba mfereji wa kukinga juu ya shamba" wanakaa chini. Mfereji huo lazima ushuke polepole, kama sentimita 5 kwa kila mita 10, ukishuka kwa kasi wenyewe unageuka korongo, na lazima uwe na mahali pa kumwaga, njia ya maji iliyo na nyasi zilizoshika KABLA hujafungulia maji. Kwa shangazi ilibidi tuongee na jirani kwanza kwa sababu mkondo wa asili uko mpakani kwake, tukapanda nyasi tukangoja zishike, ndio tukafungua mfereji, matuta yakarudishwa kuanzia la juu. Nepia iko juu ya matuta sasa na yamesimama.

Kama kuna nafasi rudi Machakos Jumamosi na kamba ya mita 10, fito mbili na pimamaji ya fundi, haigharimu kitu. Pima mteremko, pima upana na kina cha korongo pale mpakani na tena mita 20 chini, ukipiga picha kila mahali. Kama juu ni kubwa kuliko chini au ni sawa, futa hio slaidi ya fanya juu, uweke mfereji wa kukinga kwanza, halafu fanya juu ije baadaye kwa maji ya shamba lenyewe.