Kalori za bisi: kikombe na bakuli

"Bakuli moja la bisi lina kalori ngapi, na je, za mafuta zinazidi sana zile za hewa ya moto?"

Kikombe kimoja cha bisi zilizopasuliwa kwa hewa ya moto, ambacho kina uzito wa gramu 8 hivi, kina kalori zipatazo 30, na cha bisi za mafuta hufika 55 au zaidi. Anayesema kwamba kalori za bisi za mafuta ni mara mbili ya zile za hewa ya moto amekaribia ukweli, lakini kinachoamua ni kijiko chako cha mafuta. Robo kikombe ya punje kavu hujaza bakuli la vikombe 8 hivi, yaani kalori kama 240. Ukitia vijiko viwili vikubwa vya mafuta, kila kimoja kikiwa na kalori 120, bakuli lile lile linafika 480. Mafuta yanayobaki chini ya sufuria hupunguza hesabu hiyo, ingawa kiasi chake hutofautiana kila unapopika. Anayetia sukari kwenye bisi zake aongeze takriban kalori 50 kwa kila kijiko kikubwa cha sukari. Mabakuli nayo hayalingani, kwa hiyo pima lako kwanza kwa kikombe, bila kuzishindilia bisi.